Picha ya Ofisi Isiyojengwa

Kwa miaka kadhaa Shamima binti Jaribu alijulikana Chake Chake kwa mabwawa ya kuogelea. Hakuwa nalo hata moja, wala kuogelea hajui, ingawa kazaliwa Shumba Viamboni na maji ya chumvi anayaona tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Kazi yake ilikuwa kuyachora kwa kompyuta. Mtu akitaka kujenga hoteli huenda kwa Suhail, msanifu majengo mwenye ofisi ghorofani juu ya duka la vitambaa. Suhail huchora ramani, kisha Shamima huigeuza ramani ikawa picha ambayo ukiitazama utadhani imepigwa na kamera: jengo limesimama, minazi inayumba, jua linazama, na bwawa linang'aa kama samli iliyoyeyuka. Wenye mahoteli walizipenda sana. Shamima mwenyewe alikuwa amekwisha kuzichoka.

Alizichoka kwa sababu alijua zilivyotengenezwa. Jua la machweo linasitiri mengi. Ukuta uliochorwa vibaya ukiupiga mwanga wa dhahabu, mtu haangalii ukuta, anaangalia dhahabu. Shamima alisomea uchoraji wa ramani Unguja, akafanya kazi kwa mpima viwanja, akarudi Pemba baba yake alipoanza kuumwa. Hayo ya picha za kompyuta alijifunza peke yake, kwa kutazama mafunzo ya video na kukosea na kurudia, huku wenzake wakimwambia aolewe kwanza halafu ndiyo acheze na mashine. Hakuwa akicheza. Alitaka siku moja afanye picha isiyohitaji jua la kuisitiri.

Siku hiyo ilikuja kwa sura ya ofisi.

Kampuni moja ya viungo, ambayo wafanyakazi wake walikuwa wamejazana katika nyumba kongwe ya vyumba vidogo vidogo Wete, ilitaka kujenga. Mkurugenzi wake, Bwana Abdulsamad, alitaka ukumbi mmoja mpana, meza za wote ndani yake, bila ya kuta za kuwatenga. Suhail akamchorea: madirisha marefu upande wa kaskazini na wa kusini, yenye vivuli vya zege vilivyochomoza nje ili jua lisiingie moja kwa moja, dari iliyoachwa wazi, mabomba ya bati ya hewa baridi na trei za nyaya vikionekana, na chini yake paneli za kumeza sauti, vibao vya nguo nzito iliyoshindiliwa, vikining'inia wima safu kwa safu, na vingine vimebandikwa kutani.

Shamima akafanya picha ya kwanza. Bwana Abdulsamad alikuja mwenyewe kuitazama, akavaa miwani, akainama mbele ya kioo cha kompyuta, akaipitia pembe kwa pembe.

"Mashaallah, nzuri," alisema mwishowe. "Lakini hii ofisi ya nani?"

"Yenu, Mkurugenzi," alijibu Suhail.

"Hapana. Humu hajafanya kazi mtu. Hili duka la samani, limefunguliwa leo asubuhi na mteja hajaingia." Akavua miwani. "Nyie hamjui ninalopambana nalo. Wafanyakazi wangu hawautaki ukumbi. Wanasema watapigwa kelele, watamulikwa na jua, watakaa kama kuku kwenye banda. Nimewaita mkutano wauone. Nikiwaonesha hii, watasema nawahamishia uwanja wa ndege."

Alipoondoka, Suhail alikaa akizungusha kalamu. Hakuwa mtu mbaya, ila aibu ilikuwa imemshika. "Dada Shamima," alisema taratibu, "labda hii tuwape watu wa Dar es Salaam. Wana mashine kubwa, wana uzoefu wa maofisi. Wewe mambo yako ya hoteli yanajulikana."

Maneno hayo yalimwingia kama mwiba wa samaki, lakini sauti haikumpanda.

"Nipe mie kwanza," alisema. "Ikinishinda, mtawapa."

Asubuhi ya pili alikaa mbele ya picha yake kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Kosa la kwanza alilipata upesi, nalo lilikuwa lake mwenyewe. Suhail alikuwa ametaka mwanga ulio sawa chumba kizima, naye kwa haraka alikuwa ametega taa za uongo juu ya dari, zile ambazo kwenye picha hazionekani lakini zinamwaga mwanga kila mahali. Mwanga ukawa sawa kweli, ila vivuli vikafa. Meza zilikuwa hazikai sakafuni, zinaelea. Viti vilionekana kama vimekatwa kwenye gazeti vikabandikwa. Na kuta alizipa weupe uliopita kiasi, weupe ambao rangi ya dukani haina. Zikawa zinarudisha mwanga wote, chumba kikapauka kama uso wa mtu aliyejipaka poda nyingi.

Akazizima taa za uongo zote. Picha ikawa giza, nusura aziwashe tena. Akajizuia. Aliacha mbingu ya mawingu mepesi iingie kupitia madirisha ya pande mbili, akaupunguza weupe wa kuta, akawasha taa za ofisi zile tu ambazo zitafungwa kweli, halafu akafanya kama mpiga picha anavyofanya ndani ya chumba: akafungua jicho la kamera lipokee mwanga zaidi. Chumba kikafunguka polepole. Karibu na dirisha mwanga ulikuwa na ubaridi kidogo, katikati ukachanganyika na ujoto wa taa, na chini ya kila meza kikalala kivuli laini kilichoishika miguu yake na sakafu. Mwanga ulikuwa sawa bila ya kuwa bapa.

Hilo lilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilimshinda siku nzima. Alitaka chumba kionekane kinatumika, basi akachukua mafaili, vikombe, kalamu na makaratasi yaliyochorwa tayari kwenye maktaba ya programu yake, akavitawanya juu ya meza zote. Alipotazama, alicheka kwa hasira. Badala ya duka la samani sasa alikuwa na ghala la mnada. Kila meza ilikuwa na fujo sawasawa na ya jirani yake, na fujo ya kweli haiko hivyo. Fujo ya kweli ina mwenyewe.

Ndipo alipofunga kompyuta yake ya mkononi kwenye begi akaenda Wete.

Ofisi ya kampuni ilinukia karafuu na makaratasi ya zamani. Shamima alitoa salamu mlango kwa mlango, akajitambulisha, akaomba ruhusa ya kukaa na kutazama watu wanavyofanya kazi. Walimwitikia vizuri, kisha vyumba vikanyamaza. Mtu aliyekuwa akila mhogo mezani aliufunika kwa gazeti. Mwengine aliyekuwa amevua viatu alivivaa. Kila alikochungulia, watu walikuwa wamekaa wima wanaandika, kama wanafunzi mkaguzi akiingia. Alipotoa simu apige picha ya dari, sauti ikamjia nyuma ya mgongo.

"Bibie, weka simu."

Alikuwa Bi Rahma, mtunza kumbukumbu wa kampuni, mwanamke wa makamo aliyevaa buibui na miwani ya kamba, ambaye ofisi nzima ilimheshimu na Mkurugenzi mwenyewe akimwita dada.

"Samahani, Bi Rahma. Nilikuwa napiga dari tu."

"Leo dari, kesho nani yupo mezani na nani hayupo. Sisi si watoto. Kwanza mnatutoa vyumbani tukae uwanjani tuonekane wote, halafu analetwa mtu kuja kutuchungulia. Sema ukweli, Mkurugenzi anataka kupunguza watu?"

Shamima akaelewa ukimya wote ule. Angeweza kujitetea kwa maneno, lakini aliona maneno hayatafika. Akavuta kiti, akafungua kompyuta juu ya meza ya Bi Rahma, akamwonesha chumba cha kwenye picha kilivyo: cha kijivu kitupu, meza bila ya kitu, kama jengo lililochongwa kwa udongo.

"Hili ndilo lililonileta. Nimekijaza vitu kikawa kichekesho, nikaviondoa vyote. Kupunguza watu sijaambiwa, na ningeambiwa nisingekuja. Mie sijapata kufanya kazi ofisi ya watu wengi, Bi Rahma. Tuko watatu tu kwetu. Nataka nijue hii meza ingekuwa yako, juu yake kungekuwa na nini."

Bi Rahma aliitazama kompyuta, akamtazama yeye, akaitazama tena kompyuta.

"Hiyo si yangu," alisema. "Mie sikai kuupa mlango mgongo."

Shamima aliizungusha kamera ya picha mpaka mlango ukaja mbele. "Hii?"

"Hiyo labda." Akasogeza miwani. "Lakini kabati langu liko wapi? Mafaili ya wakulima wa Ole peke yake yanajaza rafu nzima. Na chupa ya chai haikai mezani, itamwagikia karatasi. Inakaa chini, upande wa kulia."

Shamima akaiweka chupa chini, upande wa kulia. Bi Rahma akaona chupa yake imesimama ndani ya jengo lisilokuwepo, akajikuta anatabasamu bila ya kutaka.

Baada ya hapo watu walikuja mmoja mmoja, wakidai wanapita tu. Msellem wa mauzo, kijana mwenye sauti ya kuadhini ambaye siku nzima yuko kwenye simu na wanunuzi, alimwonesha jinsi waya wa chaja yake unavyovuka meza ya jirani kwa sababu soketi ziko mbali. Mwengine alimwambia kwamba baada ya Adhuhuri mikeka ya kusalia hukunjwa ikasimamishwa pembeni ya kabati, na viti vingi hubaki vimevutwa nyuma, hakuna anayevirudisha. Shamima alitazama jinsi viegemeo vya viti vilivyovikwa mitandio. Aliona meza safi kabisa ya mhasibu ikiwa ubavuni mwa meza iliyozama karatasi, na akaona kuwa kile kinachomfanya mtu aamini zote mbili ni ujirani wao. Waliomba jambo moja: sura zao zisiwemo. Aliwaahidi.

Alirudi Chake Chake akaanza upya. Kila meza aliipa mwenyewe kichwani kabla ya kuiwekea kitu. Viti akavigeuza kila kimoja upande wake. Nyaya akazishusha kutoka kwenye meza hadi kwenye soketi za sakafuni, pale pale zilipo kwenye ramani ya umeme, si pengine. Mtu alimweka mmoja tu, anapita mbali karibu na mashine ya kuchapia, mwendo umemfifisha hata huwezi kujua ni nani.

Dari ndiyo iliyompa taabu kuliko vyote. Alipoinua mabomba ya hewa kwa vipimo vya Hafidh, mhandisi wa mradi, tawi moja la bomba likapita katikati ya paneli za sauti kama kisu kwenye mkate. Angeweza kuliinua kidogo kwenye picha tu, hakuna ambaye angejua. Lakini alimpigia Hafidh, na Hafidh na Suhail wakakaa pamoja wakakubaliana kuzishusha paneli za upande ule chini ya bomba. Akaongeza vyuma vya kulishikilia bomba, vinyunyizio vya maji ya kuzimia moto, vitambua moshi, kila kimoja mahali pake, vikikwepana na taa. Paneli zenyewe mara ya kwanza zilitoka laini kama plastiki, kwa sababu kompyuta inapofuta chembechembe zinazochafua picha hufuta na nyuzi za kitambaa pamoja nazo. Akaiacha mashine ikokotoe kwa muda mrefu zaidi, siku ya mvua chumba kikiwa na ubaridi mashine isipate moto kupita kiasi, ili kuwe na chembe chache za kufuta. Nyuzi zikabaki. Ukitazama pembe za paneli, unatamani kuzigusa.

Suhail alipoiona alishika kiuno.

"Mwanga, alhamdulillahi. Dari, sina neno. Lakini hizi nyaya? Hizi kandambili chini ya meza? Shamima, mteja hununua ndoto. Ondoa haya, weka watu wawili watatu wenye suti wanacheka."

"Watu hao wako kwenye maktaba ya programu, na wote wana baridi ya Ulaya mwilini. Bi Rahma akiwaona atauliza wametoka wapi."

"Mteja si Bi Rahma. Mteja ni Abdulsamad."

"Abdulsamad ndiye aliyesema humu hajafanya kazi mtu," alijibu Shamima. "Kandambili nitaondoa jozi moja, zimezidi. Nyaya haziondoki. Na suti haziji."

Suhail alitaka kuendelea, akaona uso wake, akaacha.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la kampuni, picha ikatupwa ukutani kwa projekta. Bwana Abdulsamad alisema maneno mafupi akakaa. Watu walinyoosha shingo. Halafu mtu wa nyuma akauliza, "Ile meza ya dirishani, pembeni ya kabati, ya nani?"

"Yangu," alisema Bi Rahma, kabla hajajibu mwengine yeyote.

"Yako vipi? Imeandikwa jina?"

"Huoni chupa ya chai?"

Kicheko kikapasuka, na hapo hapo ugomvi ukaanza, ugomvi mtamu wa watu wanaogombea mahali ambapo wiki iliyopita walikuwa wameapa hawatapakanyaga. Mhasibu alitaka upande wa kaskazini. Mwengine akauliza kama jua la Disemba litamfikia mtu wa kusini, na Suhail akasimama kumweleza vivuli vya zege vinavyolizuia. Bwana Abdulsamad alikaa mdomo wazi. Suhail alimtazama Shamima kwa jicho la mtu anayetaka kusema neno zuri baadaye.

Kisha Bi Rahma akasimama, na ghala likatulia.

"Mie nina suali, na namuuliza huyu aliyechora. Zile nguo zinazoning'inia juu mnasema zinameza sauti. Huyu Msellem nitakaa naye meza ya pili. Akianza na simu zake, nguo zile zitammeza?"

Watu wakacheka tena, Msellem naye akacheka, lakini Bi Rahma hakucheka. Alikuwa akisubiri jibu. Shamima alimwona Suhail akimkonyeza: sema ndiyo, tumalize. Bwana Abdulsamad alikuwa ameegemea mbele. Neno moja tu, na kazi imepita.

Aliinuka.

"Bi Rahma, picha haina sauti, kwa hiyo haiwezi kukuonesha hilo. Nitakwambia ninavyojua. Paneli zinameza mwangwi. Sauti inayopiga dari na kuta na kurudi, hiyo itapungua sana, na ukumbi hautavuma kama msikiti mtupu. Lakini sauti inayotoka mdomoni mwa Msellem ikaja moja kwa moja sikioni mwako, paneli iliyo juu haiizuii. Utamsikia."

Minong'ono ikaenea. "Si nilisema?" alisema mtu. Suhail aliinamisha kichwa. Bwana Abdulsamad akauliza, kwa sauti kavu, "Kwa hiyo ukumbi haufai?"

"Ukumbi unafaa, Mkurugenzi. Simu ndefu ndizo hazifai ukumbini. Nyuma ya mashine ya kuchapia pana pembe haina kazi." Akamgeukia Suhail, kwa sababu ramani ilikuwa ya Suhail na hakutaka kuipita. "Msanifu, pale hapaingii vyumba viwili vidogo vya vioo, vyenye mlango wa kufunga?"

Suhail aliinua kichwa. Akaitazama picha ukutani kama anaiona kwa mara ya kwanza, akaenda mbele, akapima kwa mikono hewani. "Vinaingia," alisema. "Vioo viwe vinene, na hewa yao ijitegemee. Na mikutano midogo pia itafanyiwa humo." Sauti yake ilikuwa imepata uhai. "Tena tutaweka pazia fupi la paneli kati ya mauzo na kumbukumbu."

"Basi mie nimekubali," alisema Bi Rahma, akakaa.

Si wote waliokubali. Mzee mmoja wa idara ya usafirishaji alisema kwamba yeye chumbani mwake hatoki mpaka siku atakayostaafu, na Bwana Abdulsamad hakubishana naye. Lakini mikono ilipoinuliwa ilikuwa mingi, na Mkurugenzi alitia saini makubaliano ya kuendelea, kwa sharti vyumba vya simu viingizwe na picha mpya iletwe kabla ya fundi kuchimba msingi.

Nje, Suhail alimsubiri Shamima kwenye kivuli cha paa la ghala.

"Nilikukonyeza," alisema.

"Nilikuona."

"Ungenifuata, wangehamia, na mwezi wa kwanza tu wangetulaani sote wawili." Akavuta pumzi. "Kazi ya maofisi nitaacha kuipeleka Dar es Salaam. Na picha zako, kuanzia hii, ziandikwe jina lako chini."

Shamima alitaka kumjibu, lakini Bi Rahma alikuwa amekwisha kufika, kashika mkoba, anahema kidogo.

"Mwanangu, ile meza. Nimefikiri. Niisogeze kidogo kuelekea kabati, nisipate taabu ya kuinuka kila mara."

"Kwenye picha ni rahisi, Bi Rahma, naisogeza sasa hivi. Ila soketi yako iko sakafuni, lazima nayo isogee kwenye ramani, la sivyo waya utamkwaza mtu."

"Basi isogee," alisema Bi Rahma, akamgeukia Suhail na kumtazama mpaka Suhail akatoa kalamu.

Wakarudi ndani wote watatu. Shamima akafungua kompyuta juu ya gunia la pilipili manga, na Bi Rahma akavuta kiti karibu ili aone vizuri.